Picha ya stakabadhi imelala, imekatika au imefika tupu: kutafuta chanzo, na namna ya kumwambia aliyeituma

Mzee mmoja wa upande wa Mahuta alitutumia picha ya stakabadhi yake ya korosho mara nne ndani ya siku mbili. Mara zote nne mfumo ulimjibu sentensi ileile: "Picha si sahihi. Piga upya kwa usahihi." Siku ya tatu alipanda gari akaja Mtwara mjini na karatasi yenyewe mfukoni. Nilimwamkia, akaitikia, na neno lake la kwanza baada ya hapo lilikuwa kuomba radhi kwamba yeye na simu hizi hawapatani. Nikamwomba simu, nikafungua galari. Picha mbili za kwanza zilikuwa zimesimama wima, safi, kila tarakimu inasomeka. Aliyekosea ni sisi, na tulikuwa tumemtoza nauli na aibu juu yake.

Kazi yangu ni kupokea picha za namna hiyo. Kilo za mkulima zikipishana kati ya daftari la chama chake na orodha yetu, tunamwomba atutumie picha ya stakabadhi aliyopewa siku ya kupima, tuone namba, kilo na daraja. Ninaandika haya kwa makarani wenzangu wanaopokea picha, na kwa vijana wanaotutengenezea mifumo ya kuzipokelea.

Fungua faili lenyewe kabla ya kumwandikia mtu

Picha tunayoiona kwenye orodha ya waombaji si picha aliyoituma mtu. Ni kijipicha kilichopunguzwa na kutiwa kwenye kisanduku cha mraba. Stakabadhi ni karatasi ndefu, kwa hiyo kisanduku hukata juu na chini ili kujaza nafasi. Nimewahi kumwona karani akimwandikia mama wa Nanyamba kwamba picha yake imekatika, wakati faili lilikuwa zima na kisanduku ndicho kilichokata. Bofya mpaka ufike kwenye faili, ulione lote kwa ukubwa wake. Likiwa zima, shauri limekwisha na hakuna haja ya kumsumbua mtu.

Kama tatizo bado lipo hata ndani ya faili, basi limeingia katika moja ya sehemu tatu: wakati wa kupiga, njiani wakati wa kutuma, au kwetu baada ya kupokea. Kwa macho matatizo haya hufanana sana. Picha iliyolazwa na simu na picha iliyolazwa na seva yetu zinalala vilevile. Ndiyo maana jicho peke yake halitoshi kuamua nani aambiwe nini.

Picha imelala ubavu

Hili ndilo linalotuletea malalamiko mengi, na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi.

Ndani ya simu, kipande kinachonasa mwanga hakigeuki unapoigeuza simu. Kimefungwa mahali pake, na kwenye simu nyingi husoma picha kwa upana, tuseme pikseli 4000 kwa 3000, hata kama umeishika simu wima. Simu haihangaiki kuzipanga upya pikseli hizo zote. Inaziacha kama zilivyo, kisha inaandika ndani ya faili alama ndogo ya mwelekeo, yaani namba moja inayomwambia atakayefungua picha aigeuze vipi kabla ya kuionyesha. Namba hizo ni kuanzia 1 mpaka 8, lakini kwa picha za simu utakutana na nne tu. 1 maana yake ionyeshe kama ilivyo. 3 maana yake ipindue juu chini. 6 maana yake igeuze robo duara kufuata mshale wa saa. 8 maana yake igeuze robo duara kinyume cha mshale wa saa. Picha ya kawaida iliyopigwa kwa simu iliyoshikwa wima huwa na 6.

Unaweza kuisoma alama hiyo kwa amri moja kwenye kompyuta yenye programu ya ExifTool:

```
exiftool -n -Orientation -ImageWidth -ImageHeight picha.jpg
```

Ukipata 6, upana 4000 na urefu 3000, basi pikseli zimelala lakini faili linajua kwamba zinapaswa kusimamishwa. Galari ya simu inaitii alama hiyo, ndiyo maana mwenye simu anaiona picha imesimama na anakushangaa unapomwambia imelala. Anasema kweli.

Sasa tuone yaliyompata yule mzee, maana picha zake nne zilikuwa na sababu mbili tofauti ndani yake.

Picha ya kwanza na ya pili zilikuwa na alama 6. Mfumo wetu ulipozipokea ulifanya kazi mbili: ulizipunguza ukubwa, kisha ukafuta taarifa zote zilizofichwa ndani ya faili. Kufuta taarifa hizo ni jambo jema, kwa sababu simu nyingi huandika humo hata mahali mtu alipokuwa amesimama, na hatuna sababu ya kutunza ramani ya nyumba za watu. Ila alama ya mwelekeo nayo imo humohumo, ikafutika pamoja nazo. Pikseli zikabaki zimelala na hakuna wa kumwambia mtazamaji azisimamishe. Kichwa cha karatasi kikaonekana upande wa kushoto.

Picha ya tatu ndiyo iliyonifundisha zaidi. Baada ya kutuma, ukurasa ulionyesha kijipicha kilicholala, na mjukuu wake akakiona. Kijana akafikiri vizuri kabisa: kama kule inafika imelalia kushoto, mimi huku niilaze kulia, itafika imesimama. Akaigeuza kwenye galari, akatuma. Ikafika imelalia kushoto vilevile. Sababu ni kwamba galari ya simu ile, kama galari nyingine nyingi, inapogeuza picha haisogezi pikseli hata moja. Inabadilisha alama tu, ikatoka 6 ikawa 3. Mfumo wetu ukafuta 3 kama ulivyofuta 6, na kilichobaki ni pikseli zilezile. Kwake zilikuwa picha mbili tofauti, kwetu ilikuwa picha ileile iliyotumwa tena.

Picha ya nne ilikuwa imelala hata kwenye galari yake, na alama yake ilikuwa 1. Hapa mfumo hauhusiki. Mzee aliitandaza karatasi kwenye mkeka, akaishika simu juu yake ikitazama chini. Simu hujua juu ni wapi kwa kitambuzi kinachohisi uzito unavutia upande gani. Ukiishika wima, uzito unavuta kuelekea ukingo wake wa chini, nayo inajua. Ukiilaza ikatazama sakafu, uzito unavuta kupitia kioo, na kingo zote nne zinakuwa sawa mbele yake. Hapo inabaki na mwelekeo wa mwisho iliokuwa nao. Kama dakika moja kabla simu ilishikwa kwa ubavu, itaandika ubavu, na hata uizungushe simu au karatasi mara ngapi juu ya mkeka, alama haitabadilika. Mtu anaweza kufanya kila kitu sawasawa na picha bado ikalala.

Kwa hiyo njia ya kutenganisha sababu hizi mbili ni swali moja kwa mwenye simu: ukiifungua kwenye galari yako, imesimama au imelala? Ikiwa kwake imesimama na kwetu imelala, tatizo ni letu na asiombwe chochote. Ikiwa kwake nayo imelala, simu ilikuwa imelazwa. Ipo pia dalili unayoweza kuiona bila kumuuliza mtu. Picha za watu wengi zikilalia upande mmoja, kichwa cha karatasi kushoto, mfululizo, tazama seva kwanza. Picha za mtu mmoja zikiwa moja imesimama, moja imelala, nyingine imepinduka, huyo anapiga juu ya meza au mkeka.

Dawa ya upande wetu ni fupi. Picha isimamishwe kwanza kwa kufuata alama yake, pikseli zenyewe zipangwe upya, ndipo taarifa zifutwe:

```
mogrify -auto-orient -resize '1600x1600>' -strip picha.jpg
```

Amri hii ya programu ya ImageMagick hubadilisha faili lenyewe, kwa hiyo ijaribu kwenye nakala. Anayetumia Python na Pillow atapata kazi hiyohiyo ya kusimamisha kwa `picha = ImageOps.exif_transpose(picha)`, mradi aiite kabla ya kuhifadhi. Msidanganywe na kivinjari mnapojaribu. Chrome ilianza kuitii alama ya mwelekeo yenyewe mwaka 2020, toleo la 81, kwa hiyo faili la asili litasimama mbele ya macho yako hata kama halijarekebishwa. Jaribuni na faili lililokwisha kupita kwenye mfumo.

Kwa picha zilizokwisha kupoteza alama hakuna amri ya kukisia. Mtu atazame na kuzigeuza kwa mkono. Kazi hiyo ni ya sekunde tatu kwa karani aliyeketi mbele ya kompyuta. Kwa mkulima ni safari ya kurudi nyumbani kuitafuta karatasi. Hivyo sheria yangu ni kwamba picha iliyolala lakini inasomeka haikataliwi. Igeuze, endelea na kazi, na usimwandikie mtu kitu.

Pale inapobidi kumwelekeza anayepiga, usimwambie "shika simu vizuri". Mwambie aibane karatasi kwenye mlango au aiegemeze kwenye kiti, asimame mbele yake kama anayempiga mtu picha. Simu ikisimama wima, kitambuzi hakikosei. Kama lazima karatasi ilale, aiinue simu wima kwanza, asubiri alama za kamera kwenye kioo zisimame, ndipo aishushe taratibu.

Picha imekatika

Kuna kukatika kwa namna mbili, na majibu yake hayafanani hata kidogo.

Namna ya kwanza ni faili kukatika. Sehemu moja ya stakabadhi inaonekana vizuri, kisha kuanzia mstari fulani ulionyooka kuna kijivu kitupu, mara nyingine na michirizi ya rangi pale mpakani. Karatasi haikatiki hivyo. Picha nyingi za JPEG hupangwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo faili likifika nusu utaona nusu ya juu ya pikseli kama zilivyohifadhiwa, na picha yenye alama 6 ikisimamishwa kijivu kitakaa ubavuni. Hapa mtu alipiga vizuri, akatuma vizuri, na mtandao ukamwacha njiani.

Hesabu yake ni nyepesi. Picha ya simu ya kawaida ina megabaiti 3.5 hivi, ambazo ni megabiti 28. Kijijini mtandao ukiwa unasukuma kilobiti 200 kwa sekunde, picha hiyo inahitaji sekunde 140, zaidi ya dakika mbili. Mfumo wetu ulikuwa unapokea picha vipande vipande na kufunga mlango baada ya sekunde 60. Ndani ya sekunde 60 hupita megabaiti 1.5 tu, yaani kama sehemu mbili kati ya tano za picha. Mlango ukafungwa, kilichofika kikahifadhiwa kana kwamba ni picha nzima, na mtu akaambiwa imepokelewa. Kesho yake anaambiwa "picha yako imekatwa". Imekatwa na nani?

Ukitaka uhakika, iulize programu ya kufungulia JPEG:

```
djpeg -outfile /dev/null picha.jpg
```

Ikijibu `Premature end of JPEG file`, faili liliisha kabla ya mwisho wake. Wengine hutazama baiti mbili za mwisho, ambazo kwa JPEG nzima ni `ffd9`. Zikiwepo ni dalili nzuri. Zisipokuwepo usikimbilie kuhukumu, maana simu nyingine hubandika taarifa zao baada ya mwisho wa picha na picha ikawa nzima kabisa.

Njia ya kudumu ni kuipunguza picha kwenye simu kabla haijatumwa. Stakabadhi inasomeka vizuri kwa pikseli 1600 upande mrefu, na faili la namna hiyo huwa na kama kilobaiti 400. Kwa mtandao uleule wa kilobiti 200 zinatosha sekunde 16, na bando la mtu linapona. Pia mfumo ulinganishe baiti zilizotumwa na zilizofika kabla ya kusema "imepokelewa". Zikipungua, useme papo hapo, mtu angali ana karatasi mkononi.

Namna ya pili ni karatasi kukatika kwenye fremu. Hakuna kijivu. Picha ni nzima, ila pembe moja ya stakabadhi imebaki nje, au kidole kimekaa juu ya namba. Hapa kweli panahitajika picha nyingine. Lakini kabla ya kuiomba, tazama kilichokosekana ni nini. Kama kilichobaki nje ni ukingo mtupu, na namba, kilo na daraja vyote vinasomeka, hiyo picha inatosha. Fomu zetu zilikuwa zinadai "pembe zote nne zionekane" kwa sababu tu mtu aliyeandika fomu alinakili kutoka kwenye fomu ya vitambulisho. Tuliifuta sentensi hiyo.

Namna ya kuliandika

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa. Tunacho kitenzi kinachoeleza hali bila kumtaja mtendaji: picha imekatika, imelala, imefifia, haikufika yote. Ukiandika "umeikata picha" umemtia mtu kizimbani, tena mara nyingi kwa jambo ambalo hakulifanya. Ukiandika "picha imekatika chini" umeeleza unachokiona, na hicho ndicho pekee unachokijua kwa hakika.

Kumbuka pia kwamba ujumbe wako hausomwi na mtu mmoja. Mzee hana miwani, simu ni ya mjukuu, ujumbe unasomwa kwa sauti barazani na watu wengine wamekaa. "Hukufuata maelekezo" ikisomwa hivyo na kijana mbele ya babu yake inauma kuliko mwandishi alivyofikiri. Siku hizi kila ujumbe ninaousahihisha ninausoma kwa sauti kwanza.

Ujumbe mzuri una mambo matatu, na yanatosha kwenye meseji moja ya herufi 160: kilichofika salama, kisichoonekana, na kitendo kimoja cha kufanya. Kwa faili lililokatika njiani tunaandika hivi:

"Shikamoo mzee. Picha imeanza kufika, mtandao ukakatika kabla haijaisha. Wewe umepiga sawa. Tafadhali tuma ileile tena ukiwa penye mtandao mzuri."

Neno "ileile" lina kazi kubwa. Bila hilo mtu atadhani anatakiwa kupiga upya, atatafuta karatasi, atabadilisha alichokuwa amekifanya vizuri. Kwa pembe iliyobaki nje tunaandika:

"Shikamoo mama. Picha imefika, kilo na daraja tumeviona. Namba ya stakabadhi, juu kulia, haimo. Tunaomba picha nyingine yenye namba hiyo tu."

Hapa tunaomba kipande tu, si kazi yote kurudiwa. Na kwa picha ambazo tulizilaza wenyewe na tukawa tumekwisha kumkataa mtu:

"Shikamoo mzee. Picha yako ilikuwa sawa tangu mara ya kwanza. Mfumo wetu ndio ulioilaza. Tumeigeuza, stakabadhi imepokelewa. Utuwie radhi."

Usiseme uongo wa upole. Kama kidole kilifunika namba, usiandike kwamba mtandao ulisumbua. Mtu atatuma ileile, itakataliwa tena, na ataacha kukuamini. "Kuna kivuli cha kidole juu ya namba" ni kweli, na haimdhalilishi mtu.

Picha tupu

Tupu nazo haziko sawa, kwa hiyo anza kwa kuuliza faili ni la aina gani:

```
file picha.jpg
```

Likijibu `empty`, faili lina baiti 0. Jina limefika, picha haikufika. Mara nyingi simu ilikuwa imejaa hata ikashindwa kuiandaa picha ya kutuma, au picha yenyewe haikuwa kwenye simu bali kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kwenye simu kumebaki kijipicha tu. Mtu anakiona, anakichagua, na kwake kila kitu ni cha kawaida. Mwombe aifungue picha ikae wazi kwenye galari mpaka ukungu uondoke na maandishi yasomeke, ndipo aitume.

Likijibu neno lenye `HEIF` au `HEIC`, picha ipo na ni nzima. Imetoka kwenye iPhone, ambazo tangu iOS 11 ya mwaka 2017 huhifadhi picha kwa namna hiyo, na Chrome kwenye kompyuta ya karani haijui kuionyesha. Karani anaona kisanduku cheupe au alama ya picha iliyopasuka. Sisi ndio tunaopaswa kuibadilisha kuwa JPEG, na tulifanya hivyo kwenye seva. Anayetaka kuzuia tokea kwenye simu yake aingie `Settings`, `Camera`, `Formats`, achague `Most Compatible`. Kumwomba mtu apige upya hakusaidii chochote, maana simu itatoa HEIC nyingine.

Likijibu `JPEG image data` na bado unaona weupe, ikuze na upunguze mwanga. Stakabadhi iliyotiwa kwenye plastiki hurudisha taa ya kamera kama kioo, na wino uliofifia wa nakala ya kaboni huzama kwenye weupe huo. Maandishi mengine huibuka ukiongeza weusi:

```
convert picha.jpg -auto-orient -colorspace Gray -level 60%,100% soma.jpg
```

Nimewahi kuzipata kilo kwa njia hii kutoka kwenye picha iliyokuwa imekataliwa kuwa tupu. Pale weupe ulipokula kila kitu hakuna kinachorudi. Mwombe aitoe karatasi kwenye plastiki, azime taa ya kamera, apige kivulini mchana, chini ya mwembe au barazani, si juani wala usiku kwa tochi.

Nyeusi kabisa ni nadra zaidi. Mara nyingi simu ilipiga ikiwa imegusa karatasi, au mfuniko wa kasha umeshuka juu ya kamera. Mwambie tu kwamba picha imefika nyeusi na umwombe nyingine. Hakuna haja ya kukisia kilichotokea.

Picha ya pili nayo ikishindikana, hatuombi ya tatu. Tunapiga simu sisi, kwa gharama yetu, tunamwomba mwenye stakabadhi au mjukuu wake asome namba, kilo na daraja, karani anarudia kwa sauti tarakimu moja moja, kisha anaandika kwenye fomu "imesomwa kwa simu" pamoja na tarehe. Karatasi yenyewe tutaiona siku atakapokuja mjini kwa shughuli zake nyingine.